Niliazimisha drili siku mbili, sasa ni miezi minne. Naidaije kwa rafiki bila kuonekana mchoyo?

#1 Mpiga Randa

Wakuu, salama.

Mimi ni fundi wa makabati, napatikana Tabata. Mwezi wa tatu rafiki yangu alihamia kwake Chanika, akaniomba drili ya zege siku mbili tu afunge reli za mapazia. Huyu si mtu wa kujuana mtaani. Tumesoma wote, siku ya ndoa yangu ndiye aliyekaa pembeni yangu, na mama yake namwamkia kama mama yangu. Nikampa drili na sanduku lake, biti tano, na kile kifimbo cha kupimia kina cha tundu. Leo ni mwezi wa saba.

Tumeonana si chini ya mara nne na hajaigusia. Mara ya mwisho tulikuwa msibani, na mimi siwezi kumdai mtu drili chini ya turubai la msiba. Wakati huo huo nakodi ya watu kwa 10,000 kwa siku, mara tatu sasa. Mke wangu anasema mimi ndiye fundi pekee Dar anayekodi kitu alichonacho.

Jumatatu ya wiki ijayo nina kazi Kimara, makabati ya juu, yanakaa kwenye lenta ya zege, matundu 24. Kila kitu kipo: skrubu zipo, plagi za ukutani zipo, ngazi ndefu ya alumini ipo nyuma ya nyumba tangu Desemba. Kinachokosekana ni drili yangu mwenyewe.

Meseji nimeandika mara tatu nikafuta. Ya kwanza ilisomeka kama ya benki. Ya pili ilikuwa ndefu, nikaona aibu kuisoma mimi mwenyewe. Ya tatu nilianza na "samahani sana ndugu yangu", halafu nikajiuliza naomba samahani ya kosa gani.

Nisaidieni maneno.

#2 Kikombe Cha Pili

Nimevuta kigoda, kahawa ipo. Endeleeni.

#3 Jongoo wa Reli

Pole mkuu. Watu wa mikopo ndio walivyo, wanakopa wakicheka wanalipa wamenuna. Kukopa harusi kulipa matanga. Mwambie ukifika mwisho wa mwezi unaongeza asilimia 10, utaona anavyolipa mbio.

#4 Mpiga Randa

#3 mkuu, ni drili. Sijamkopesha hela.

#5 Jongoo wa Reli

Nimesoma kichwa cha habari haraka nikiwa kwenye daladala. Lakini hata drili unaweza kuiwekea riba.

#6 Bi Makorora

Mwanangu Mpiga Randa, kosa lako si kudai. Kosa lako ni kwamba ulitoa kitu bila kusema siku ya kurudi, halafu unasubiri mwenzio aikumbuke. "Siku mbili" alisema yeye. Wewe ulijibu nini? Ulijibu "hamna shida".

Sisi huku Tanga tuna masufuria ya shughuli, yale ya kupikia kilo 20 za mchele. Kila sufuria lina alama ya mwenyewe chini, mimi langu nimeandika kwa rangi ya kucha nyekundu, haitoki hata ukisugua na majivu. Na linapotoka, mtu anaambiwa pale pale mlangoni: "Harusi Jumamosi, mimi Jumatatu nalitaka, nina kisomo." Kisomo kipo au hakipo, Jumatatu sufuria linarudi. Na hapo hakuna mtu aliyeitwa mchoyo.

Sasa wewe siku ilishakupita, basi itengeneze mpya. Hiyo kazi ya Kimara ndiyo siku yako. Mwambie hivi hivi: "Za leo. Jumatatu nina kazi Kimara, nahitaji drili. Jumamosi jioni nitapita kwako kuichukua, saa 11 utakuwepo?" Basi. Usiweke "kama hutojali", usiweke "kama umeshamaliza". Ukimwuliza kama amemaliza, umempa ruhusa ya kusema bado.

#7 Msee wa Umoja

Nairobi hapa. Mama amesema vizuri lakini mimi ningeondoa hiyo sababu ya kazi. Niliazima jamaa yangu mashine ya kukata mabati, nikamwambia naitaka ya kazi Alhamisi. Alhamisi ikanyesha, kazi ikasongeshwa, na yeye akajua. Akaniambia "si basi ikae tu mpaka wiki ijayo, hata mimi nimepata kibarua". Sababu yangu ilikufa na madai yangu yakafa nayo. Kitu ni chako. Sema tu unakuja kukichukua.

#8 Bi Makorora

Huko kwenu labda. Mtu umekula naye sahani moja huwezi kumwendea bila neno la kuanzia. Ukimwambia "nakuja kuchukua changu", anajiuliza amekukosea nini, na swali hilo ndilo litakalozaa ugomvi. Sababu si ya kuomba ruhusa, ni ya kumfunika mwenzio aibu. Miezi minne ameikalia, anajua. Unampa njia ya kurudisha bila kuulizwa alikuwa wapi.

#9 Kikombe Cha Pili

Mama kafunga goli. Msee vipi?

#10 Msee wa Umoja

Sijafungwa. Aibu ni yake, mbona nimshonee nguo ya kuifunika?

#11 Kaboni Mbili

Nyie mnajadili maneno, mimi natengeneza hizi mashine Gerezani na ninaona upande wa pili. Drili ikikaa kwa mtu miezi minne na hataji jina lake mbele yako, mara nyingi hajasahau. Imeungua. Kila mwezi naletewa mashine na mtu ananiambia "fundi fanya upesi, hii si yangu, mwenyewe asijue". Kuna wengine wanasuka upya amecha, ile sehemu ya waya inayozunguka ndani, kwa hela ya kula ya nyumbani, na bado hawajaweza kumtazama mwenye mali usoni.

Mpiga Randa, jibu maswali mawili. Kwanza, ilikuwa inatoa cheche kiasi gani ulipoitoa? Pili, jamaa alifunga reli tu, au nyumba ilikuwa bado inajengwa?

#12 Mpiga Randa

#11 Niliitoa ikiwa nzima, kaboni nilibadilisha Januari. Nyumba ilikuwa haijaisha, alihamia vyumba viwili vikiwa na plasta tu. Umenitia hofu sasa.

#13 Kaboni Mbili

Nyumba haijaisha maana yake marumaru bado. Ukiniambia marumaru na drili ya kuazima nyumba moja, nakwambia kuna mtu amekorogea gundi. Anaweka fimbo ya kukorogea, anazamisha kwenye ndoo, anashikilia swichi dakika 10 mfululizo. Drili ya zege imeundwa kwa kupiga tundu na kupumzika. Ndani ina feni moja tu ya kuipoza, na ikizungushwa polepole ikiwa imebeba mzigo, feni haivuti hewa ya kutosha huku waya wa ndani unachemka. Ile vanishi inayotenganisha waya na waya inaungua. Haifi siku hiyo. Inakufa mkononi mwako wiki mbili baadaye, na rafiki yako anaapa alikurudishia nzima, na hasemi uongo kwa anavyojua yeye.

Kwa hiyo usiende kuichukua Jumapili usiku kwa kazi ya Jumatatu. Chukua mapema, uijaribu.

#14 Pindo la Gauni

Kaboni Mbili umenigusa pabaya. Ongezeni na yangu, Mwanza hapa.

Niliazimisha gauni la satini, rangi ya zumaridi, kwa dada wa kazini aende nalo sendofu ya mdogo wake. Miezi miwili kimya. Mimi nikaona haya, nikasubiri mpaka nina shughuli yangu, nikamwomba siku mbili kabla. Akaleta siku hiyo hiyo, limepigwa pasi, liko kwenye mfuko mzuri, na asante juu. Nikafurahi. Usiku nalijaribu, linanipwaya ubavuni kama gunia. Kumbe alikuwa mnene kuliko mimi, fundi wake akafumua mishono ya pembeni na kuachia ile nafasi ya ndani.

Nikasema si neno, nitalirudisha kwa fundi wangu. Fundi akaligeuza kwenye taa akanionyesha mstari wa vitundu vidogo vidogo kuanzia kwapani mpaka kiunoni, mshono wa mwanzo ulipopita. Kwenye kitenge ungefua vikajifunga. Satini sindano ikishapita, alama haiondoki. Ikabidi abane ndani zaidi ya ule mstari kuificha, na gauni likanibana nikashindwa kukaa.

Ningelidai wiki mbili kabla ningekuwa na muda wa kufikiria, labda hata kuweka kipande cha urembo pale ubavuni. Haya yangu ndiyo iliyoniponza kuliko yule dada.

#15 Jongoo wa Reli

Ulimdai fidia?

#16 Pindo la Gauni

#15 Nilimwambia "limenipwaya kidogo". Akanijibu "umepungua shosti, hongera".

#17 Kikombe Cha Pili

Nimemwaga kahawa.

#18 Wakili wa Kijiweni

Mnahangaika bure. Kisheria mali ya kuazima ukikaa nayo bila kudaiwa inakuwa yako, nadhani ni miaka 12. Kwa hiyo mleta mada una haki bado, dai kabla muda haujapita.

#19 Karani Mkongwe

#18 miaka 12 ni ukomo wa kudai ardhi. Usiupeleke kwenye drili.

Nilikaa masjala ya mahakama miaka mingi, kwa hiyo niseme kidogo. Kuazimishana vitu kumeandikwa kwenye Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mambo matatu yanakuhusu, mleta mada. La kwanza, uliyempa bure unaweza kumdai wakati wowote, hata kama mlikubaliana muda na haujaisha. Ila ukidai kabla ya muda na yeye akapata hasara kubwa kuliko faida aliyoipata kwa kuazima, unamfidia hiyo tofauti. La pili, kitu kilichoazimwa kwa siku mbili au kwa kazi fulani, muda ukiisha au kazi ikiisha, ni wajibu wake kukirudisha bila kusubiri kudaiwa. La tatu ndilo watu hawalijui: asiporudisha kwa wakati kwa kosa lake, basi kuanzia siku hiyo kikipotea, kikiungua, kikiharibika, ni juu yake hata kama alikitunza vizuri.

Ndiyo maana Bi Makorora na lile sufuria lake yuko sawa kuliko anavyodhani. Kutaja siku si adabu tu. Siku hiyo ndipo hasara inapohama kutoka kwako kwenda kwake.

#20 Wakili wa Kijiweni

Nilisema "nadhani".

#21 Bi Makorora

#19 mwanangu, mimi sufuria langu halijafika mahakamani na halitafika.

#22 Karani Mkongwe

Halitafika, bibi, kwa sababu unataja siku.

#23 Mtu wa Mkunazini

Asalaam alaykum. Hata kwenye dini lipo, na wazee wa pwani walilichukua huko. Surat al-Maun inaisha kwa kuwataja wanaozuia maun, na masahaba wengine walilifasiri neno hilo kuwa ni vitu vya kuazimana: chungu, shoka, ndoo. Kwa hiyo kuazimisha ni jambo zito, si hisani ndogo. Na aliyeazima akiharibu, analipa, kwa sababu Mtume alipoazima deraya kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, alimwambia ni azima yenye dhamana.

#24 Jongoo wa Reli

Safi. Mpiga Randa, akirudisha drili ina mikwaruzo analipa mikwaruzo, kaboni zikiisha analipa kaboni. Dini imesema.

#25 Mtu wa Mkunazini

#24 la, usinitilie maneno. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi huku pwani, azima ikipotea au ikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, analipa hata kama hakuzembea. Lakini kinachochakaa kwa matumizi yale yale uliyomruhusu, halipi. Umempa nguo avae, ikapauka kwa kuvaliwa, si juu yake. Mahanafi wao wanasema halipi kabisa mpaka azembee au avuke mipaka. Wamekhitalifiana, na kila mmoja ana hoja yake.

Kwa hiyo kaboni zilizoisha kwa kutoboa ukuta wa mapazia, hizo umemsamehe siku uliyompa. Kukoroga gundi ya marumaru, hiyo ni nyingine.

#26 Pindo la Gauni

Na kufumua mishono?

#27 Mtu wa Mkunazini

#26 dada, kuvaa ulimruhusu. Kufumua hukumruhusu.

#28 Pindo la Gauni

Nilijua tu. Natafuta namba yake.

#29 Mpiga Randa

Wakuu nimetuma. Nimetumia ya Bi Makorora neno kwa neno, nikaongeza "kaka" mbele. Leo Jumatano. Amejibu baada ya dakika mbili: "Poa kaka hamna shida." Nilichokuwa nakiogopa miezi minne kimeisha kwa maneno manne.

#30 Msee wa Umoja

Soma tena. Umemwuliza saa 11 atakuwepo. Amejibu saa ngapi?

#31 Kaboni Mbili

#30 ameona. Mashine ikiwa ndani, mtu anajibu "nipo, njoo" au "iko kwa mama, mpitie". "Hamna shida" ni jibu la mtu anayekwenda kutafuta ilipo.

#32 Bi Makorora

Nyinyi wanaume mnamwona kila mtu mwizi. Mwenzake amejibu kwa heshima, na amejibu haraka. Huenda yuko kazini.

#33 Karani Mkongwe

Haraka ndiyo inayonitia shaka, bibi. Masjalani tuliwajua: mwenye nyaraka alichelewa kidogo kujibu kwa sababu alikwenda kuangalia kabatini. Asiye nayo alijibu papo hapo.

#34 Mpiga Randa

Sasa nifanyeje, nimwulize tena?

#35 Bi Makorora

Usimwulize. Umeshasema Jumamosi saa 11, nenda Jumamosi saa 11. Usiende mikono mitupu, chukua hata mkate na maziwa ya watoto. Na ukifika usianze na drili. Anza na nyumba, uone alivyomalizia, umsifu. Kama drili ipo utaiona, kama haipo atakwambia mwenyewe.

#36 Msee wa Umoja

Yaani anunue na mkate ndio apewe drili yake? Hii ndiyo inaitwa kukombolewa.

#37 Bi Makorora

Mkate ni wa watoto. Wewe umekulia wapi?

#38 Msee wa Umoja

Nimekulia kwa watu wanaorudisha vitu, shosho.

#39 Kikombe Cha Pili

Heshima kidogo hapo. Mpiga Randa, mimi nina swali dogo tu na sijaona mtu akiliuliza. Wewe mwenyewe huna cha mtu ndani?

#40 Jongoo wa Reli

Kuna mbinu moja hamjaitaja: unamwomba akuazime kitu chako mwenyewe. "Kaka niazime ile drili siku moja." Analeta, harudi nayo. Nilifanya hivyo kwa toroli langu likarudi.

#41 Mtu wa Mkunazini

#40 hiyo inafanya kazi mara moja, halafu yeye anakuja kuichukua Jumanne kwa sababu umesema mwenyewe kuwa ni siku moja. Usikiri kitu chako kuwa cha mwingine hata kwa mzaha.

#42 Jongoo wa Reli

Kwa kweli alikuja Jumanne. Nililificha toroli kwa jirani.

#43 Kaboni Mbili

Mpiga Randa, ukiipata Jumamosi fanya hivi kabla hujaipakia kwenye bodaboda. Kwanza inuse kwenye matundu ya kupitishia hewa. Waya ulioungua una harufu yake kali, kama plastiki na varnishi ya mbao vimechomwa pamoja, na haitoki hata baada ya mwezi. Pili chungulia matundu hayo hayo: ukiona vidonge vya saruji nyeupe vimeganda, hiyo ni gundi, vumbi la tundu huwa laini. Tatu iwashe bila mzigo kama dakika moja, mahali penye kivuli, utazame ndani. Cheche ndogo za buluu pale kaboni zinapogusa ni kawaida. Ukiona moto unazunguka kama pete, amecha imeshaumia, na hapo hata ukibadilisha kaboni utakuwa unazilisha tu.

Na fanya hivyo mbele yake, kama mtu anayejaribu kifaa chake kabla ya kazi. Usifanye kama polisi.

#44 Pindo la Gauni

Mbele yake ni muhimu. Mimi nililichukua kwenye mfuko, nikasema asante, nikaondoka. Baada ya hapo ningesema nini?

#45 Mpiga Randa

Jumamosi, saa 3 usiku. Nimerudi, nimekaa, nawaandikia.

Nimefika saa 11 kasoro, nikiwa na mkate. Yupo, amefurahi kweli, watoto wamenirukia. Nyumba imependeza. Sebuleni marumaru. Kaboni Mbili, nikaziangalia zile marumaru nikakukumbuka.

Dakika 20 hakuna aliyetaja drili. Chai ikaja. Kisha akasema mwenyewe, bila kuniangalia: "Kaka, ile mashine iko Pugu kwa shemeji, alikuwa anamalizia sebule, nimeshampigia, tunaifuata." Tukapanda pikipiki yake tukaenda. Njiani kimya, mimi nimeshika mkate mwingine sijui kwa nini nilinunua miwili.

Shemeji ni mtu mwema. Alishaifuta na kitambaa, ipo kwenye sanduku. Biti tatu kati ya tano. Kifimbo cha kina hakipo, shemeji hajawahi kukiona wala hajui ni cha nini. Nikainusa. Harufu ipo, si kali. Kwenye matundu kuna vidonge vyeupe. Nikaomba umeme nikaiwasha: cheche ni nyingi kuliko nilivyoiacha, ila pete sikuiona. Au niliiona nikajifanya sijaiona, jua lilikuwa limezama.

#46 Mtu wa Mkunazini

Kwetu Shafi aliyeazima hana ruhusa ya kumwazimisha mwingine bila idhini ya mwenyewe. Ilipovuka kwenda Pugu, kila kilichotokea Pugu kiko juu ya rafiki yako.

#47 Karani Mkongwe

Na siku zake mbili ziliisha Machi. Kwa sheria pia hatoki.

#48 Msee wa Umoja

Kwa hiyo ulimwambia?

#49 Mpiga Randa

#48 Hapo ndipo palipo na shida yenyewe. Tukiwa tunarudi nilijipanga. Nikasema, "Kaka, kuna biti mbili na kifimbo havipo, na inatoa cheche kidogo, nitaipeleka kwa fundi." Sikusema atalipa, nilitaka aseme yeye. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Sawa, niambie fundi atasema shilingi ngapi, tutagawana na shemeji."

Nikapumua. Nikaona kumbe ni rahisi. Halafu akasema:

"Na mimi nilikuwa naona haya kukuuliza. Ile ngazi umeshamaliza nayo?"

#50 Kikombe Cha Pili

NILIULIZA. #39. Nendeni mkasome #39. Na #1 imeandikwa "ngazi ndefu ya alumini ipo nyuma ya nyumba tangu Desemba". Mtu hasemi kitu chake kipo nyuma ya nyumba "tangu Desemba".

#51 Jongoo wa Reli

Desemba mpaka Julai ni miezi mingapi, Karani?

#52 Karani Mkongwe

Saba. Mleta mada, hiyo ngazi imekaa kwenye mvua za masika?

#53 Mpiga Randa

Imekaa. Ni alumini, haili kutu. Ila kamba ya kuivutia juu imeoza, na kikanyagio kimoja cha mpira chini kimetoka nikaweka kipande cha kandambili. Wallahi nilisahau kabisa kuwa ni yake. Nilishaiona kama yangu.

#54 Kaboni Mbili

Basi nilikosea kwenye #11 niliposema hawasahau.

#55 Msee wa Umoja

Hapana, hukukosea. Yeye alisahau, jamaa hakusahau. Jamaa alikuwa ameshikilia drili akingoja ngazi.

#56 Bi Makorora

Acheni kumtilia mtoto wa watu nia mbaya. Angekuwa anashikilia asingempa Pugu. Wote wawili waliona haya, basi. Mpiga Randa, ngazi unairudisha lini?

#57 Mpiga Randa

Hilo ndilo swali, mama. Jumatatu makabati ya Kimara ni ya juu. Bila ngazi sifiki.

#58 Pindo la Gauni

Mwombe akuazime.

#59 Wakili wa Kijiweni

Kwa sheria anaweza kuidai wakati wowote, ila akikutia hasara ya kazi anakufidia, si ndivyo Karani?

#60 Karani Mkongwe

#59 hiyo ni kama muda haujaisha. Mliahidiana nini kuhusu ngazi, Mpiga Randa?

#61 Mpiga Randa

Nilimwambia "siku mbili tu".

#62 Kaboni Mbili

Leta drili Jumatatu asubuhi kabla ya saa 2, nitaifungua uione amecha kwa macho yako. Kaboni ninazo. Na ukipita njia ya kawaida kuna duka lina vikanyagio vya mpira vya ngazi, wanauza vinne vinne, chukua vyote, usibadilishe kimoja kikaonekana.

#63 Mpiga Randa

Nimemwandikia sasa hivi: "Kaka, Jumatatu naimalizia ngazi Kimara, Jumanne jioni naileta mwenyewe, saa 11 utakuwepo?"

#64 Kikombe Cha Pili

Amejibuje?

#65 Mpiga Randa

"Poa kaka hamna shida."